Utangulizi: Barua ya Kuagana na Mzabuni Anayechelewesha Mzigo

Tuanze na barua ambayo maofisa ugavi wengi huiahirisha: ile ya kusitisha mkataba wa mzabuni anayechelewa kila mara, ilhali bado tungependa kufanya naye kazi siku nyingine. Ni barua yenye nia mbili, na ugumu wake ni kuhakikisha nia moja haiimezi nyingine.

Tuchukue mfano wa kiwanda kidogo cha mikate mjini Morogoro. Mkataba wake na mzabuni wa unga ni mifuko 60 kila Jumatatu kabla ya saa 2 asubuhi. Mzigo ukichelewa mara tatu ndani ya miezi mitatu, mnunuzi anaruhusiwa kusitisha mkataba kwa taarifa ya maandishi ya siku 14. Mzigo wa tarehe 4 Agosti 2025 ukafika tarehe 6, wa tarehe 18 ukafika tarehe 19, na wa tarehe 8 Septemba ukafika tarehe 11.

Kabla ya kushika kalamu, mwandishi afungue faili la hati za kupokelea mzigo. Je, mtunza stoo aliandika siku na saa halisi, dereva akasaini? Je, baada ya kila ucheleweshaji mzabuni aliandikiwa, au alipigiwa simu tu na mambo yakaisha? Hapa ndipo kesi nyingi hupotea, mapema kabisa kabla ya barua ya mwisho. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, katika kifungu cha 55, inasema kwamba pale ambapo muda ni sharti la msingi, anayekubali kutimiziwa ahadi nje ya muda hawezi kudai fidia ya ucheleweshaji huo, isipokuwa wakati wa kupokea alitoa taarifa kwamba atadai. Kupokea kimya kimya kuna gharama.

Mahakama ya Rufani ya Uingereza ililionyesha jambo hilo vizuri mwaka 1950, katika shauri la Charles Rickards dhidi ya Oppenheim. Mnunuzi aliagiza gari lake la Rolls-Royce lijengewe bodi. Tarehe ya makabidhiano ikapita, naye akaendelea kusubiri na kuhimiza. Mwishoni mwa Juni 1948 alitoa taarifa kwamba lisipokuwa tayari ndani ya wiki nne hatalipokea. Lilikamilika Oktoba, akalikataa, na mahakama ikampa haki. Kwa kusubiri alikuwa ameiachia tarehe ya kwanza, lakini taarifa yenye muda wa kutosha iliurudishia muda uzito wake. Kwa hiyo aliyewahi kuvumilia asikate tamaa; aandike kwanza onyo lenye tarehe, kisha ndipo asitishe.

Mnunuzi wetu wa Morogoro alikuwa ameonya kwa maandishi kila mara. Tarehe 15 Septemba anaandika, chini ya kumbukumbu namba na kichwa “YAH: KUSITISHA MKATABA WA UNGA WA NGANO”:

“Kwa barua hii tunasitisha mkataba tajwa kuanzia tarehe 30 Septemba 2025, kwa kuwa mizigo ya tarehe 4 na 18 Agosti na 8 Septemba ilichelewa. Mzigo wa mwisho utakuwa wa tarehe 29 Septemba. Ankara zote za mizigo iliyopokelewa zitalipwa kwa masharti ya mkataba.”

Angalia kwamba hakuna “tunafikiria” wala “tunasikitika kulazimika”. Tarehe zinajieleza zenyewe, na tabia ya mzabuni haikuguswa.

Mlango wa baadaye uwekwe katika aya yake, baada ya mkataba kufungwa kabisa:

“Ubora wa unga wenu haujatupa shida. Zabuni ya mwaka ujao itakapotangazwa, mnakaribishwa kuomba, mkiambatisha maelezo ya usafiri mtakaotumia. Mwaliko huu hauahidi mkataba wala haubadilishi tarehe ya kusitisha.”

Sentensi ya mwisho isiachwe. Waandishi wapole huandika “tutaendelea kushirikiana endapo mtajirekebisha”, na mzabuni akaisoma, kwa haki yake, kama nafasi nyingine. Lori likija Oktoba na mtunza stoo akapokea, barua imeshadhoofika. Ndiyo maana nakala iende stoo na uhasibu siku hiyohiyo, na ile ya mzabuni isainiwe kwenye kitabu cha dispachi.

Na ankara za mwisho zilipwe kwa wakati. Mzabuni atakayezungushwa miezi mitatu kudai fedha zake hatairudia zabuni yako, hata kama aya ya mwaliko iliandikwa kwa ufasaha namna gani.