Jina likifutwa, mgonjwa bado yumo

Katika hospitali zinazofundisha, daktari au mwanafunzi huchagua mgonjwa mmoja, akachukua maelezo yaliyomo kwenye faili lake na kuyapanga kwenye slaidi ili wenzake wajifunze. Kabla ya kusimama mbele ya projekta hufuta jina na namba ya faili, akaamini kwamba siri ya mgonjwa imehifadhika. Lakini jina ndilo sehemu rahisi kuliko zote. Kinachomfichua mtu mara nyingi ni habari zake nyingine, ambazo kila moja peke yake haina neno, ila zikikaa pamoja zinamwelekea mtu mmoja tu.

Marekani ilijifunza hilo katika miaka ya 1990. Jimbo la Massachusetts lilitoa kwa watafiti kumbukumbu za matibabu za watumishi wa serikali, zikiwa zimeondolewa majina na anwani. Zilibaki tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta ya mahali mtu anapoishi. Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi wa chuo cha MIT, alinunua daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20 na kulilinganisha na kumbukumbu hizo. Gavana wa jimbo, William Weld, alikuwa mkazi wa mji huo. Watu sita tu mjini walizaliwa siku moja naye, watatu kati yao wanaume, na mmoja pekee aliishi kwenye eneo la namba yake ya posta. Mambo matatu yalitosha kuifikia rekodi ya matibabu ya gavana bila kuliona jina lake.

Baadaye kanuni za faragha za Marekani, zilizotungwa chini ya sheria ya HIPAA, zilitaja mambo 18 ya kuondolewa. Miongoni mwake ni majina, simu, namba za faili na za bima, picha za uso, maeneo madogo kuliko jimbo na tarehe zote zinazomhusu mgonjwa isipokuwa mwaka. Hata umri unaozidi miaka 89 huandikwa tu kuwa ni 90 na kuendelea, kwa kuwa wazee wa umri huo ni wachache. Orodha hiyo inafaa kuanzia, lakini haimalizi kazi, hasa katika jamii ambazo watu wanajuana.

Faili la mvuvi

Tuchukue mfano uliotungwa kwa ajili ya makala hii. Faili linasema hivi:

"Bwana Fulani bin Fulani, miaka 47, mvuvi na mwenyekiti wa kitongoji, Ukerewe. Kaletwa kwa kivuko tarehe 14 Machi saa 3 asubuhi, anatapika damu tangu saa 6 usiku. Kasindikizwa na kaka yake, mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Yuko ziwani tangu utotoni. Hanywi pombe. Alifiwa na mke katika ajali ya MV Nyerere 2018. Aliwahi kutibiwa kaswende. Bandama limevimba, linashikika sentimita 12 chini ya mbavu. Himoglobini 5.8. Homa ya ini B na C: hana. Ultrasaundi: makovu kuzunguka mishipa ya damu ndani ya ini. Kamera ya tumbo: mishipa iliyovimba kwenye umio, imefungwa kwa mipira. Kaongezewa damu chupa 3. Karuhusiwa tarehe 23 Machi."

Kwa mwalimu wa udaktari hiki ni kisa chenye mafunzo. Kichocho cha tumbo, anachokipata mtu kwa kuingia kwenye maji ya ziwa yenye vijidudu vyake, kinaweza baada ya miaka mingi kuacha makovu kwenye ini. Damu inayotoka tumboni hukosa njia nzuri ya kupita, msukumo wake hupanda, bandama huvimba, na mishipa ya umio hutanuka mpaka siku moja ikapasuka. Mgonjwa hutapika damu nyingi ingawa hajawahi kunywa pombe wala kuugua homa ya ini. Hilo ndilo somo, na kila neno la faili lipimwe kwalo: je, mwanafunzi akilikosa neno hili, atashindwa kuelewa ugonjwa?

Jina linaondoka bila mjadala. Cheo cha mwenyekiti wa kitongoji nacho kinaondoka, kwa sababu hakina uhusiano na ini, na kitongoji hakina wenyeviti wawili. Kaka aliye mwalimu mkuu aondoke vilevile. Huyu hata si mgonjwa, lakini atakayemtambua yeye atamtambua na nduguye. Ajali ya kivuko ni habari iliyotangazwa nchi nzima, na wajane wa kiume wa ajali ile wanajulikana visiwani. Haibadilishi chochote katika tiba, kwa hiyo inaachwa. Kaswende ya zamani haielezi kutapika damu. Ikibaki, inamwongezea mgonjwa aibu isiyomfundisha mtu yeyote.

Uvuvi unahitaji busara zaidi. Ukiufuta kabisa umeliua somo, maana maji ya ziwa ndiyo chanzo cha ugonjwa. Kinachohitajika lakini si kazi yenyewe, ni miaka mingi ya kugusa maji. Ukisema "mkazi wa kando ya Ziwa Victoria ambaye kazi yake imemweka majini tangu utotoni," umehifadhi chanzo na kumwacha mtu huyu ndani ya umati mkubwa. Pombe na homa ya ini zibaki zote mbili, kwa kuwa ndizo zinazomwezesha mwanafunzi kuondoa magonjwa mengine ya ini akilini mwake.

Tarehe zibadilishwe kuwa muda. Mwanafunzi hana haja na Machi 14, ana haja ya kujua kwamba mgonjwa alifika saa 9 baada ya kuanza kutapika, na akaruhusiwa siku 9 baada ya kupokelewa. Tarehe halisi ni hatari kwa sababu muuguzi aliyekuwa zamu, dereva wa gari la wagonjwa na abiria wa kivuko wote wanaikumbuka asubuhi ile. Ugonjwa ukiwa unategemea majira, kama kipindupindu, inatosha kusema ni msimu wa mvua.

Baada ya kupimwa hivyo, kisa kinasomeka:

"Mwanaume wa miaka ya 40, mkazi wa kando ya Ziwa Victoria ambaye kazi yake imemweka majini tangu utotoni, alifika hospitali ya rufaa baada ya kutapika damu kwa saa 9. Hanywi pombe. Bandama lilishikika sentimita 12 chini ya mbavu, himoglobini 5.8, vipimo vya homa ya ini B na C havikuonyesha maambukizi."

Ultrasaundi, kamera na tiba hufuata kama zilivyo. Hakuna kipimo kilichobadilishwa.

Nimelisisitiza hilo la mwisho kwa sababu wapo wanaodhani njia bora ya kuficha ni kudanganya: mwanaume anafanywa mwanamke, 47 inafanywa 62, Ukerewe inafanywa Tanga. Hilo ni kosa. Umri, jinsia na mahali ni sehemu ya utambuzi wa ugonjwa, na anayevibuni anawafundisha wenzake ugonjwa usiokuwepo. Unaweza kuacha jambo au kulitaja kwa upana, lakini usitunge.

Majina yaliyojificha

Baada ya maandishi huja kusaka mabaki. Kwetu mtu ana majina mengi kuliko lile la kadi. Muuguzi anaweza kuwa ameandika "Mama Fulani amelala vizuri," akitumia jina la mtoto wake wa kwanza. Anayetafuta kwa kompyuta jina la mgonjwa peke yake hatalikuta hilo. Tafuta basi jina la kila mtoto, la kila msindikizaji, na lakabu kama limetajwa. Ondoa pia jina la daktari aliyetibu na namba ya wadi, kwa sababu hayo mawili yakikutana na tarehe, yeyote mwenye kitabu cha wadi anafungua ukurasa na kumpata mgonjwa.

Picha ndizo zinazowaponza wengi. Picha ya ultrasaundi mara nyingi huwa na jina na tarehe pembeni, zimechapwa ndani ya picha yenyewe. Faili halisi la mashine, la aina ya DICOM, hubeba pia jina, namba na tarehe ya kuzaliwa katika sehemu isiyoonekana kwenye kioo. Mtu huiweka picha hiyo kwenye PowerPoint, akaikata pembeni au akabandika kiboksi cheusi juu ya jina, akaridhika. Lakini PowerPoint huificha tu sehemu iliyokatwa, haiifuti. Atakayetumiwa faili anaweza kuirudisha, na kiboksi anaweza kukisogeza kando. Mpaka uchague `Delete cropped areas of pictures` kwenye `Compress Pictures`, sehemu ile ingali ndani ya faili. Lililo salama zaidi ni kuikata picha kwenye programu ya picha, kuihifadhi upya kwa jina lisilomtaja mgonjwa, ndipo uiingize kwenye slaidi. Mwishoni tumia `Inspect Document`, ambayo inaonyesha maelezo ya msemaji, maoni na jina la mwandishi yaliyosalia.

Picha ya mgonjwa mwenyewe ina masharti makali zaidi. Kuweka utepe mweusi machoni hakumfichi mtu, na wahariri wa majarida ya tiba duniani wamekwisha kusema hivyo waziwazi. Mama anamjua mwanawe kwa kidevu, kovu, chale au nguo aliyovaa. Kama somo ni kidonda cha mguu, piga picha ya mguu peke yake.

Ruhusa

Yapo magonjwa ambayo hayafichiki. Mtoto mmoja mkoani mwenye ugonjwa wa nadra atatambulika hata ukifuta kila kitu, kwa sababu ugonjwa wenyewe ndio jina lake. Hapo njia ni kumwomba mgonjwa, au mzazi wake, ruhusa ya maandishi, kwa lugha anayoielewa, ukimweleza nani ataona, wapi na kwa njia gani, na kwamba akikataa matibabu yake hayatabadilika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, kama ile ya Kenya ya 2019, inaziweka habari za afya katika kundi la taarifa nyeti, zinazostahili ulinzi wa juu.

Uamuzi huu uzingatie pia kwamba slaidi haziishii ukumbini. Msikilizaji mmoja anapiga picha kwa simu, anaituma kwenye kundi la WhatsApp, na kabla ya jioni imemfikia mtu wa kisiwa kilekile.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasilisha, mpe kisa mwenzako ambaye hakumtibu mgonjwa akisome, kisha ujiulize kwa dhati: ndugu, jirani au mfanyakazi mwenzake angekuwa ameketi mstari wa mbele, angemtambua? Kama jibu ni ndiyo, punguza tena. Kama hakuna tena cha kupunguza bila kuliharibu somo, nenda wadini ukaombe ruhusa, na ukinyimwa chagua kisa kingine. Nawe uliye mgonjwa au unayemuuguza ndugu, una haki ya kuuliza habari zako zitafundishia wapi na mbele ya nani.