Kamba ya Kitambulisho Shingoni

Mama mmoja alileta picha aliyopigwa semina, akaitaka ya kutundika sebuleni, bila kamba ya kitambulisho. Blauzi yake ilikuwa ya mistari, na hapo ndipo penye kazi. Ukipaka tu kwa Clone Stamp, mistari inakatika. Mimi huzungushia Lasso kipande safi cha kitambaa kando ya kamba, nakinakili kwa Ctrl+J, nakiweka juu ya kamba, kisha kwa Warp nakivuta taratibu hadi kila mstari uungane na mwenzake. Kipande kitoke karibu, maana mwanga wa bega moja si wa jingine. Kifunike na kivuli cha kamba pia. Kikibaki, blauzi huonekana ina alama ya uchafu isiyoeleweka imetoka wapi.