Kistari Kinachokuja na Kuondoka

Katika Kiingereza, mwandishi mashuhuri ni "a well-known author", na kati ya "well" na "known" kuna kistari. Mtu huyo huyo akielezwa kwa sentensi nyingine, "the author is well known", kistari hakipo tena. Maneno hayakubadilika, wala maana. Kilichobadilika ni mahali: mara ya kwanza sifa imetangulia nomino, mara ya pili imeifuata.

Aliyekulia Kiswahili anaweza kuuona huu kuwa usumbufu wa bure, kwa kuwa kwetu nomino ndiyo hutangulia. Ukishasikia "mwandishi", unajua anayezungumziwa; yanayofuata ni maelezo yake. Kiingereza hutanguliza sifa, pengine mbili au tatu mfululizo, na msomaji hulazimika kuzibeba zote kabla ya kujua zinamhusu nani.

Tazama "small business owner". Je, huyu ni mwenye biashara ndogo, au ni mwenye biashara ambaye yeye mwenyewe ni mdogo wa umbo? Maandishi peke yake hayasemi. "Small-business owner" humaliza ubishi: "small" imefungwa na "business", na mwenyewe anaweza kuwa pande la mtu. Sifa ikija baada ya "is", kwa kawaida utata huo haupo, kwa sababu nomino imeshatajwa na hakuna wa kugombewa. Ndiyo sababu kistari cha "well-known" huachwa hapo, ingawa zipo kamusi na wahariri wanaokibakiza.

Utata huzidi penye namba. Chukua tangazo la mnada wa magari lililoandikwa bila kistari chochote: "twenty five year old cars". Likiandikwa "twenty five-year-old cars", yanauzwa magari 20, kila moja likiwa na miaka 5. Likiandikwa "twenty-five-year-old cars", ni magari ya miaka 25, na idadi yake haikutajwa. Likiandikwa "twenty-five year-old cars", ni magari 25 yenye umri wa mwaka mmoja. Hakuna hata herufi moja iliyoguswa, lakini mnunuzi wa tangazo la pili na wa tangazo la tatu hawaendi kununua kitu kimoja.

Hapo hapo pana mtego mwingine, nao ni herufi "s". Gari "is five years old", lakini ni "a five-year-old car". Neno la kipimo likifungwa pamoja na namba mbele ya nomino, hubaki katika umoja. Mkutano wa saa mbili basi ni "a two-hour meeting", na "two hours meeting" ni kosa, ingawa kwa mantiki ya Kiswahili linaelekea kuwa sawa kabisa.

Kistari pia hakiwekwi kila penye maneno mawili mbele ya nomino. "A highly paid worker" hakina. "Highly" ni kielezi, na kielezi cha namna hii hakiwezi kumsifu "worker". Hakina pa kwenda ila kwa "paid". Kwa kuwa hakuna utata, hakuna haja ya kufunga. Lakini tahadhari: wengine hukariri kwamba neno linaloishia "ly" halipewi kistari, kisha wanaandika vibaya "a family owned business". "Family" ni nomino, si kielezi, kwa hiyo ni "a family-owned business".

Nomino ambatani zina tabia nyingine. Huko mwendo haufuati kanuni bali mazoea: maneno mawili huanza yakiwa mbalimbali, mengine hupitia kwenye kistari, mengine huishia kuwa neno moja. "To-day" ilikuwa ya kawaida zamani. Sasa ni "today". Mwaka 2007 toleo la sita la kamusi ya Shorter Oxford liliondoa vistari katika maneno yapatayo 16,000. "Ice-cream" ikatenganishwa kuwa "ice cream", na "bumble-bee" ikaunganishwa kuwa "bumblebee". Mwaka 2011 shirika la habari la AP nalo likaacha "e-mail" na kushika "email".

Sikio husaidia kiasi. Katika "greenhouse", kibanda cha kuoteshea mimea, mkazo huangukia "green". Katika "a green house", nyumba iliyopakwa rangi ya kijani, "house" nayo hutamkwa kwa nguvu. Hata hivyo sikio halitakuambia kama "ice cream" huandikwa kwa nafasi au kwa kistari, maana matamshi ni yale yale.

Kwa hiyo nomino ambatani zitafutwe kwenye kamusi, tena kamusi moja tangu mwanzo wa maandishi hadi mwisho, kwa sababu kamusi zenyewe hazikubaliani. Sifa za mbele ya nomino nyingi hazimo kwenye kamusi yoyote, kwa kuwa watu huziunda kila siku. Kwa hizo, lijaribu kila neno peke yake na nomino. "A known author" inaleta maana, lakini "a well author" haileti. Neno likishindwa kusimama peke yake hivyo, na si kielezi cha "ly" wala neno kama "very", kwa kawaida weka kistari.