Ufike Salama, Mwanangu

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku nchini Tanzania mwaka 2023, kuagana katika Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, kumehamia jioni. Mama anamsindikiza bintiye anayekwenda Mwanza, zaidi ya kilometa 1,000.

"Shikamoo mama, naenda."

"Marahaba mwanangu. Mungu akutangulie. Ufike salama, uwasalimie wote."

"Amina, mama. Ubaki salama."

"Safari njema" humfaa hata mtu usiyemjua. Mzazi huongeza "ufike", "akutangulie". Vitenzi vinavyoishia na *e* namna hiyo hubeba ombi, ndiyo maana hujibiwa "amina". Na "uwasalimie" inamwona msafiri ameshafika. Mimi huipenda kuliko zote.

Kabla basi halijaondoka, mama anaandika jina la basi, namba ya usajili na ya kiti, kisha anamkumbusha binti afunge mkanda hata akilala. Likiondoka saa kumi na mbili jioni, Morogoro ni kama saa nne usiku, Dodoma saa nane, Singida alfajiri. Basi wakubaliane ujumbe mfupi katika miji hiyo tu: "Tumefika Dodoma, salama." Kumpigia kila saa humaliza chaji na kumkatiza usingizi.

Ujumbe wa Dodoma ukichelewa, huenda binti kalala au mtandao umekatika. Saa mbili zikipita kimya, mama apige namba ya kampuni iliyoandikwa kwenye tiketi, aulize basi liko wapi.

Asubuhi simu inalia: "Mama, tumeshapita Singida. Umelala?"