Pembetatu ya Kaboni Ndani ya Pareto

Mkulima wa pareto wa Molo, Iringa au Musanze hupeleka sokoni maua makavu, lakini kiwanda kinachotafuta ni pairetrini, sumu iliyo ndani ya maua hayo, inayoangusha mbu na inzi kwa dakika chache. Mwaka 1924 Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka walichapisha kazi waliyoifanya Zurich juu ya muundo wa sumu hiyo. Ndani yake walikuta kitu kigeni: atomi tatu za kaboni zilizoshikana pembetatu. Wanakemia huiita pete hiyo siklopropani. Kaboni yenye bondi nne hupenda ziachane kwa nyuzi 109 hivi, ila katika pembetatu zimebanwa hadi 60, kwa hiyo pete inakaa imekazwa muda wote.

Kuna njia ya mkato ya kuijenga pete hii maabara. Unachukua alkeni, yaani molekuli yenye kaboni mbili zilizoshikana kwa bondi maradufu, kisha unazipachika kaboni ya tatu juu yake. Kaboni hiyo ya tatu huitwa karbeni. Ina bondi mbili tu badala ya nne, na elektroni mbili ambazo hazijapata mwenza wa kuungana naye. Kwa sababu hiyo haikai chupani. Hutengenezwa palepale inapohitajika, na ikikosa alkeni hushika chochote kilicho karibu.

Bondi maradufu ni kama ubao uliopigiliwa misumari miwili: hauzunguki. Ndiyo maana kuna buteni za aina mbili ambazo atomi zake ni zilezile. Katika ile iitwayo sis, vikundi viwili vya methili viko upande mmoja wa bondi maradufu. Katika trans, kimoja kiko huku na kingine kule. Ni gesi mbili tofauti, zinazochemka kwa nyuzijoto 4 na 1 hivi. Sasa karbeni inapoingia, bondi maradufu hufunguka na kubaki moja. Msumari mmoja ukitoka, ubao unaweza kuzunguka. Je, pete itakayofungwa itakumbuka methili zilikuwa upande gani?

Jibu lilitolewa mwaka 1956 na Philip Skell na mwenzake Garner, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania. Walichukua bromofomu, yaani kaboni yenye hidrojeni moja na bromini tatu, wakaichanganya na besi kali. Besi hunyakua hidrojeni, kisha bromini moja inajiondokea na chaji yake. Kinachobaki ni karbeni yenye bromini mbili. Walipoipa buteni ya sis, walipata pete ambayo methili zake mbili zimeelekea upande mmoja. Walipoipa buteni ya trans, walipata pete ambayo methili moja iko juu na nyingine chini. Hakukuwa na mchanganyiko.

Sababu iko katika namna elektroni mbili za karbeni zinavyokaa. Katika karbeni ya bromini zimekaa pamoja, zimeoana, na pembeni yake kuna nafasi tupu. Karbeni inapoisogelea alkeni kwa ubavu, elektroni za bondi maradufu humiminika kwenye nafasi ile tupu, na papo hapo jozi ya karbeni huielekea kaboni ya pili. Bondi mbili mpya hujengeka katika tendo moja. Huenda moja ikatangulia kukaza kuliko nyenzake, lakini hakuna kituo cha katikati ambapo molekuli inatua ikiwa imeshikwa upande mmoja tu. Kwa kuwa hakuna kituo, hakuna muda wa kuzunguka. Na pete ikishafungwa, haiwezi kujigeuza bila kuvunjwa.

Lakini si kila karbeni ina tabia hii. Ile nyepesi kuliko zote, CH₂, hutulia zaidi elektroni zake zikiwa zimetengana na kuzunguka mwelekeo mmoja. Hali hiyo ya utulivu iko chini ya ile ya kuoana kwa kilojuli 38 hivi kwa moli. CH₂ iliyotulia hivyo ikikutana na buteni hujenga bondi moja kwanza. Bondi ya pili haiwezekani mara moja, kwa sababu elektroni mbili zenye mwelekeo mmoja haziwezi kufanya bondi. Ni lazima moja igeuke kwanza. Wakati ikingoja, bondi ile iliyobaki moja inazunguka kadiri ipendavyo. Matokeo yake ni mchanganyiko wa sis na trans, hata kama umeanza na buteni safi. Kwa kipimo hiki wanakemia walijifunza kusoma kinyumenyume: pete zikitoka zimechanganyika, wanashuku kwamba karbeni iliyofanya kazi ni ile yenye elektroni zilizotengana.

Mtu anayetaka kupachika CH₂ bila vurugu hiyo hatumii karbeni huru. Mwaka 1958 Howard Simmons na Ronald Smith wa kampuni ya DuPont, Marekani, walieleza njia ya kuchemsha CH₂I₂ katika etha pamoja na unga wa zinki uliopakwa shaba. Zinki hujipenyeza kati ya kaboni na iodini, na kinachopatikana ni karbenoidi: CH₂ ambayo bado imeshikwa na zinki upande mmoja na iodini upande mwingine. Huikabidhi alkeni kaboni yake bila kuiachia peke yake hata kidogo, na umbo la sis au trans linabaki lilivyokuwa. Usumbufu wake ni zinki yenyewe. Ikiwa imepata kutu au etha ina maji, chupa hukaa kimya muda mrefu, halafu huanza kuchemka ghafla. Ndiyo maana CH₂I₂ huongezwa tone kwa tone.

Namna ya kuhakiki ni nzuri mno kuipita. Katika pete ya sis, hidrojeni moja ya CH₂ mpya imekaa upande wa methili na nyingine upande mtupu, kwa hiyo kipimo cha usumaku wa viini huonyesha alama mbili tofauti, na moja huangukia chini hata ya sifuri ya kipimo. Katika pete ya trans, kila hidrojeni ina methili moja upande wake, hivyo zote mbili hutoa alama ileile.

Hata hivyo, sheria hii hulinda tu kile ambacho alkeni ilikuja nacho. Pembetatu ya pareto inaweza kutengenezwa kwa karbeni yenye kikundi cha esta, ikisaidiwa na shaba. Kaboni moja ya alkeni yake ina methili mbili zinazofanana, kwa hiyo haina sis wala trans ya kuhifadhi. Kinachoamua ni jinsi esta ya karbeni inavyogeuka inapotua, na kwa shaba ya kawaida hutoka mchanganyiko. Ua lenyewe, kwa kimeng'enya chake, hutoa trans pekee.

Tofauti hiyo inafika hadi dukani. Permetrini, binamu wa kiwandani wa pairetrini, nayo ina pembetatu hii na huuzwa ikiwa mchanganyiko. Ukiona kwenye kibandiko namba 25:75 au 40:60, ya kwanza ni sehemu ya sis na ya pili ni ya trans. Mwili wa binadamu huivunja trans haraka zaidi, na sis ndiyo yenye sumu kali zaidi kwa wanyama wanaonyonyesha. Zisome namba hizo kabla ya kununua.