Jinsi Picha ya Ankara Inavyogeuka Kuwa Jedwali

Tuseme mwenye duka amepokea ankara kutoka kwa muuzaji wa jumla. Imechapwa kwa mashine na ina safu wima nne: bidhaa, kiasi, bei na jumla. Mchele kilo 25 kwa shilingi 2,800, jumla 70,000. Maharage kilo 12 kwa 3,200, jumla 38,400. Sukari kilo 10 kwa 3,000, jumla 30,000. Mwisho ni paketi za chumvi, bei 1,000, jumla 6,000, ila kisanduku cha kiasi kimeachwa kitupu. Mwenye duka akitupa jicho mara moja huyaona yote haya, pamoja na ule utupu. Kompyuta iliyopewa picha ya ankara hiyo haioni mchele wala bei. Inachopokea ni namba za rangi tu.

Karatasi ya A4 ikipita kwenye skana iliyopangwa nukta 300 kwa inchi hutoa picha yenye upana wa pikseli 2,480 na urefu wa pikseli 3,508, yaani takribani pikseli milioni 8.7. Kila pikseli ya picha isiyo na rangi ni namba kati ya 0, ambayo ni nyeusi tititi, na 255, ambayo ni nyeupe pe. Hatua ya kwanza ni kuamua ipi ni wino na ipi ni karatasi. Mwaka 1979 Nobuyuki Otsu wa Japani alionyesha njia ya kukitafuta kizingiti hicho kutoka kwenye picha yenyewe: programu huhesabu pikseli za kila kiwango cha kijivu, kisha huchagua mahali pa kukata panapoyatenganisha vizuri zaidi makundi mawili, la giza na la mwanga. Kwa picha ya skana njia hii hufanya kazi vyema. Kwa picha ya simu yenye kivuli cha mkono huweza kuharibu, kwa kuwa karatasi iliyo kivulini huhesabiwa kuwa wino na kona nzima ya ankara ikawa doa jeusi. Dawa yake ni kuweka kizingiti cha kila eneo dogo peke yake.

Kisha karatasi hunyooshwa. Watu wengi huidharau hatua hii, lakini hesabu yake ni ya kutisha. Jedwali letu lina upana wa pikseli 2,080, na kila safu mlalo ina kimo cha pikseli 90. Karatasi ikiinama nyuzi 2 tu, maandishi ya mwisho upande wa kulia yatashuka zaidi ya pikseli 70 kuliko yale ya kushoto. Jumla ya maharage itajikuta imeangukia kwenye safu ya sukari.

Baada ya hapo ndipo jedwali lenyewe hutafutwa, na jambo la kuvutia ni kwamba hutafutwa bila kusoma herufi hata moja. Kwenye ankara hii kila tarakimu ina upana wa pikseli 25 hivi. Programu huambiwa ibakize weusi wowote unaokwenda mlalo bila kukatika kwa pikseli 100 au zaidi, na ifute uliobaki. Tarakimu zote hupotea, mistari mlalo iliyochorwa ikabaki peke yake. Hufanya vivyo hivyo kwa mistari wima. Mistari hiyo inapokatana ndipo zilipo pembe za visanduku. Kwa ankara yetu, mipaka ya safu wima imeangukia kwenye pikseli 200, 900, 1,200, 1,650 na 2,280 kutoka kushoto. Vichwa vya safu vinaanza pikseli 600 kutoka juu, kisha kila pikseli 90 kuna mstari mpya.

Kama jedwali halina mistari iliyochorwa, programu hutegemea nafasi nyeupe. Huhesabu wino kuanzia juu hadi chini ya jedwali, na pale ambapo pikseli nyingi mfululizo hazina wino, hapo ndipo mpaka wa safu. Nafasi kati ya maneno mawili ya safu mlalo moja haiidanganyi kwa urahisi, kwa sababu safu nyingine za juu au chini huiziba. Jedwali lenye safu mlalo mbili au tatu tu halina msaada huo, na hapo makosa huwa mengi.

Usomaji wa herufi ni kazi ya pembeni. Programu maarufu iliyo huru kutumiwa na yeyote ni Tesseract, iliyoanza katika kampuni ya Hewlett-Packard mnamo 1985. Tangu toleo lake la 4 inatumia mtandao wa neva unaopitia mstari mzima wa maandishi kutoka kushoto kwenda kulia, ukikadiria ni herufi ipi ina uwezekano mkubwa kila unapofika. Inasoma Kiswahili pia. Amri yake ni hii:

```
tesseract ankara.png matokeo -l swa --psm 6 tsv
```

Faili inayotoka, `matokeo.tsv`, huorodhesha kila neno pamoja na mahali lilipo. Bei ya maharage ingeweza kutoka hivi, tukiacha safu nyingine za faili hiyo:

```
left  top  width  height  conf  text
1320  808  110    34      71    8,200
```

Neno hili linaanza pikseli 1,320 kutoka kushoto na lina upana wa 110, kwa hiyo kitovu chake ni 1,375. Kutoka juu kitovu ni 825. Namba 1,375 iko kati ya 1,200 na 1,650, ndiyo safu wima ya bei. Namba 825 iko kati ya 780 na 870, ndiyo safu ya maharage. Kisanduku kimepatikana.

Sasa angalia chumvi. Aliyesoma maneno bila mahali angepata "Chumvi 1,000 6,000", akaandika kiasi 1,000 na bei 6,000. Kwa kulinganisha vitovu na mipaka, 1,000 inabaki kwenye bei na kisanduku cha kiasi kinabaki kitupu, kama kilivyo kwenye karatasi. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo cha programu yoyote ya kusoma majedwali: ipe ukurasa wenye visanduku vitupu, uone inavifanyaje.

Lakini bei yenyewe imesomwa vibaya. Karatasi inasema 3,200, na wino uliosambaa umeifunga 3 ikafanana na 8. Alama ya uhakika, `conf`, ni 71 kati ya 100, na hiyo ni ishara ya kutia shaka. Neno kama "Maharage" likififia, mtandao huweza kusaidiwa na mazoea yake ya maneno ya Kiswahili. Namba haina msaada huo, kwani 8,200 ni namba halali sawa na 3,200. Wakati mwingine kosa la namna hii hutoka na alama ya 90 na zaidi, hivyo alama peke yake haitoshi.

Kinachotosha ni hesabu iliyo ndani ya jedwali lenyewe. Kilo 12 kwa 8,200 ni 98,400, ilhali safu ya jumla inasema 38,400. Gawa 38,400 kwa 12 upate 3,200. Ukiisoma ankara kwa mashine, zidisha kiasi kwa bei katika kila safu mlalo, na usiifute picha wala kuitupa karatasi kabla hesabu zote hazijakubaliana.