Mbona kikumbusho cha simu hakikulia?

Tuchukue mfano wa mama anayemeza dawa ya presha kila siku saa mbili usiku. Mwanawe amemwekea programu ya vikumbusho kwenye simu ya Android, na kwa wiki kadhaa imelia vizuri. Jana haikulia.

Aanze kuangalia wapi?

Aanze na ile orodha ya arifa inayoshuka ukivuta kidole kutoka juu ya kioo. Akikuta arifa ya dawa imekaa pale, simu ilitimiza wajibu wake ila haikutoa sauti. Asipokuta kitu, kisha arifa ikachomoza pale tu anapoifungua programu, basi programu ilizuiwa kufanya kazi. Na arifa ikiwa imekuja saa isiyo yake, kosa liko kwenye saa. Tofauti hizi ndizo zinazoonyesha pa kutengeneza, na wengi huziruka wakaishia kuifuta programu na kuiweka upya bure.

Simu ilikuwa kimya, lakini kengele ya asubuhi huwa inalia hata simu ikiwa kimya. Kwa nini kikumbusho kisilie?

Kwa sababu simu haina sauti moja. Ukibonyeza kitufe cha sauti kisha ukafungua mipangilio yake, utaona mistari kadhaa: muziki, mlio wa simu, arifa, na kengele. Ukiiweka simu kimya unazima mlio wa simu na arifa, lakini kengele unaiacha. Vikumbusho vingi, pamoja na vya kalenda, huhesabiwa kuwa arifa, kwa hiyo hunyamaza pamoja na meseji. Hali ya Usinisumbue nayo ni hivyohivyo, tena huweza kupangiwa ratiba ikajiwasha yenyewe usiku. Aliyeiwekea ianze saa mbili kamili amekizima kikumbusho chake mwenyewe bila kujua.

Sauti iko juu na bado arifa haiji kabisa. Hapo je?

Hapo tazama ruhusa. Tangu Android 13 ya mwaka 2022, programu mpya inapaswa kukuomba ruhusa ya kutuma arifa, na watu wengi hubonyeza kukataa ili dirisha liondoke. Kuna ruhusa ya pili isiyojulikana sana, inayoandikwa "Alarms & reminders" simu ikiwa kwa Kiingereza. Hiyo ndiyo inayoiwezesha programu kuamka dakika ileile uliyoipangia. Katika Android 14, programu nyingi zinazowekwa upya huanza bila ruhusa hiyo mpaka uitoe mwenyewe. Ikikosekana, kikumbusho huweza kuchelewa, hasa simu ikiwa imelala mezani muda mrefu bila kuguswa. Ingia Mipangilio, kisha Programu, chagua programu husika, utaziona ruhusa zote mbili.

Ukiwa hapohapo fungua sehemu ya betri uchague "Unrestricted". Simu za Tecno, Infinix na Xiaomi zina swichi yao nyingine inayoruhusu programu kujiwasha yenyewe, nayo iwashe. Usibonyeze "Force stop" kwa nia ya kupunguza mzigo: kitufe hicho hufuta kengele zote ambazo programu imezipanga, na hazirudi mpaka uifungue tena.

Kililia saa nane usiku! Simu imechanganyikiwa?

Simu haijachanganyikiwa. Haihesabu saa kama sisi tunavyohesabu, basi. Saa mbili usiku kwake ni 8:00 PM, au 20:00. Aliyeandika 2:00 akaacha AM ameiambia saa nane usiku. Pa kuwa mwangalifu zaidi ni kwenye 12:00: saa sita mchana ni PM, saa sita usiku ni AM.

Kosa jingine la saa huwapata walio mipakani. Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, Rwanda na Burundi saa mbili. Simu iliyo karibu na Rusumo, ikiwa imewekewa majira ya kujipanga yenyewe, ikinasa mtandao wa ng'ambo huweza kurudisha saa nyuma kwa saa moja, na kengele ya saa mbili ikalia saa tatu ya Tanzania. Anayeishi huko azime majira ya kujipanga na achague mwenyewe saa ya Afrika Mashariki.

Atajuaje kwamba imepona?

Aweke kikumbusho cha dakika tano mbele, aifunge simu kioo kizime, aiache mezani bila kuigusa. Kisha arudie kwa kikumbusho cha usiku mzima, maana simu hubana programu zaidi ikishalala kwa saa kadhaa.

Kwa dawa, hata hivyo, nisingetegemea arifa peke yake. Weka pia kengele ya kila siku kwenye programu ya Saa iliyokuja na simu, saa 20:00, na uhakikishe mstari wa sauti ya kengele uko juu.